Tohu wabohu: nchi ILIKUWA ukiwa au IKAWA ukiwa?

*"Mwalimu Bwana asifiwe. Naongoza kikundi cha Biblia mtaani kwetu. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mhubiri anasema Kiebrania cha Mwanzo 1:2 sio 'ilikuwa' ni 'ikawa', kwamba palikuwa na dunia nyingine kabla ya Adamu, shetani alipoanguka Mungu akaiharibu, na tohu wabohu ni mabaki ya hiyo hukumu. Wengine wanashika Habari Njema inayosema 'bila umbo'. Tumegawanyika kabisa. Hayo maneno yana maana gani hasa?"*

Amina ndugu yangu. Nianze na jibu fupi ili hata ukiishia hapa uwe na kitu mkononi: tohu wabohu ni hali ya mahali pasipokalika na pasipo kitu, nchi ambayo huwezi kuishi wala kulima, na hakuna mtu wala mnyama ndani yake. Sio magofu ya dunia iliyopita, na kwa maoni yangu sio "bila umbo" pia. Biblia ya Union inaposema "ukiwa, tena utupu" imekaribia sana, ingawa hilo neno ukiwa nalo lina kamtego kake, nitakuja kwake.

Tuanze na maneno yenyewe maana hapa ndio wengi wanaruka. Tohu linatokea mara 20 kwenye Agano la Kale la Kiebrania na mara 11 kati ya hizo ni kwa Isaya peke yake, kwa hiyo sio neno la ajabu la siri, tunaweza kukaa tukaangalia watu walilitumiaje. Bohu ndio adimu, liko mara 3 tu, Mwanzo 1:2, Isaya 34:11 na Yeremia 4:23, na zote 3 limekaa karibu na tohu, halitembei peke yake hata siku moja. Ukisikia mtu anakupa maana nzito ya bohu lenyewe peke yake, eti tohu ni hiki na bohu ni kile tofauti kabisa, jiulize kaitoa wapi, maana Biblia haijatupa hata sentensi moja ambayo bohu limesimama bila mwenzake. Mi nadhani yanafanya kazi kama maneno yetu ya kuimbiana, we unaposema shaghalabaghala husimami kueleza shaghala ni nini na baghala ni nini, sauti zinavutana na maana inatoka kwa pamoja.

Sasa tohu. Nenda Kumbukumbu la Torati 32:10, wimbo wa Musa, Mungu anamkuta Yakobo jangwani, na hiyo "tupu" ya jangwa linalotisha ni tohu. Nenda Ayubu 6:18, ile misafara ya wafanyabiashara inafuata kijito, inakuta maji yamekauka, inaacha njia, inaingia kwenye tohu inapotelea huko huko. Ayubu 12:24 na Zaburi 107:40 wanazungumzia kutangatanga kwenye tohu isiyo na njia. Unaona picha? Ni ile sehemu ukisimama hujui uelekee wapi, hakuna njia iliyokanyagwa, hakuna moshi wa jiko popote wala mbuzi anayelia, na ukikaa unakufa. Kutoka hapo neno likapanuka likawa la mafumbo, Samweli anawaambia Israeli wasifuate tohu zisizofaa kitu, ndio sanamu hizo (1 Samweli 12:21), kitu kitupu, hakikupi chochote. Lakini shina lake ni ardhi, na hata nje ya Biblia ipo hivyo hivyo, kwenye vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Ugarit huko Syria kuna neno ndugu yake na linatajwa pamoja na simba wa nyikani.

Ukitaka kamusi iliyo ndani ya Biblia yenyewe basi ni Isaya 45:18, na huu mstari naomba mkikutana muusome taratibu: "hakuiumba ukiwa, aliiumba ili ikaliwe na watu." Hapo "ukiwa" ni tohu. Nabii ameweka tohu upande mmoja, na upande wa pili hakuweka "yenye umbo", hakuweka "yenye utaratibu", ameweka KUKALIWA. Kinyume cha tohu ni mahali pa kukaa watu. Ndio maana siipendi sana "bila umbo". Miaka ya mwanzo nilipokuwa nafundisha niliifundisha hiyo hiyo kwa kujiamini, nikawa nachora ubaoni donge la udongo wa mfinyanzi halijafinyangwa, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza mwalimu huo udongo upo mstari gani, nikatafuta nikakosa. Hilo wazo la kitu kisicho na sura limepita kwa Wagiriki, waliotafsiri Torati kwa Kiyunani karne ya 3 kabla ya Kristo waliandika kitu kama "isiyoonekana wala kutengenezwa", na wenzetu Waingereza kwenye Biblia yao ya 1611 wakaandika bila umbo na tupu, basi likaenea mpaka kwetu. Sio dhambi kulitumia. Ila ukilishika sana unaanza kufikiria fizikia wakati mwandishi anafikiria shamba na makazi.

Hapa mtu makini kwenye kikundi chako atakurushia swali, na ana haki: sasa mwalimu kama tohu ni jangwa mbona mstari huo huo unasema kuna vilindi vya maji kila mahali? Jangwa lenye maji? Jibu ni kwamba tohu haisemi ukavu, inasema hapakaliki. Muulize mvuvi yeyote aliyewahi kupoteza ufuko machoni usiku. Kwenye maji makuu hakuna njia, huwezi kupanda mhogo, huwezi kujenga, na ukiachwa huko unapotea kama ule msafara wa Ayubu. Jangwa na kilindi ni sehemu 2 ambazo mwanadamu hana pa kuweka mguu. Ukiongeza na giza juu yake basi umemaliza, mstari wa 2 ni picha moja ya mahali ambapo hakuna kiumbe anaweza kuishi, halafu kuanzia mstari wa 3 mpaka sura inaisha Mungu anaondoa kimoja kimoja. Nuru inaingia, maji yanakusanywa, nchi kavu inaonekana, mimea inaota, kisha samaki na ndege na wanyama na mwishoni watu.

Haya, tuje kwenye "ikawa", maana najua ndio inayowagombanisha.

Bahati nzuri we ni Mswahili na kwa hili Kiswahili kina msaada ambao lugha nyingi za Ulaya hazina. Ukisimulia hadithi unasema nini? "Mzee alikuwa na shamba kando ya mto. Akaamka asubuhi, akachukua jembe, akaenda." Ile alikuwa ya kwanza inaweka mandhari, haisogezi kitu, inakuambia mambo yalivyokuwa kabla tukio halijaanza. Zile -ka- ndio mguu wa hadithi, kila -ka- ni hatua. Kiebrania kinafanya mchezo huo huo kabisa. Kina umbo la kitenzi la kusukuma hadithi, linaanza na "wa", na hilo ndilo Union inalitafsiri kwa -ka- karibu kila mahali: wayomer, "akasema", wayehi, "ikawa". Halafu kina njia ya kusimamisha hadithi kidogo na kuweka mandhari, unaanza na "na" unabandika nomino kwanza, kitenzi kinafuata nyuma katika umbo la kawaida.

Mwanzo 1:2 ni ipi kati ya hizo? Kiebrania chake ni wehaarets hayeta tohu wabohu. Neno kwa neno, "na-nchi ilikuwa tohu na bohu". Nomino iko mbele, kitenzi kiko nyuma, na hakina lile umbo la kusukuma. Yaani mandhari. Hatua ya kwanza ya hadithi ni mstari wa 3, "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Hapo ndio lile umbo la Kiebrania la kusukuma linaanza, wayomer, wayehi. Wazee waliofanya kazi ya Union walijua wanachofanya walipoandika "Nayo nchi ilikuwa".

Usiniamini mimi, pima mwenyewe kwa mistari mitatu. Yona 3:3, "Basi Ninawi ulikuwa mji mkubwa mno", kitenzi ni hayeta hiyo hiyo, herufi kwa herufi, na mpangilio ni huo huo, na-Ninawi ulikuwa. Kuna anayesema Ninawi IKAWA mji mkubwa Yona alipofika? Hakuna. Mwanzo 3:1, "Basi nyoka alikuwa mwerevu", mpangilio huo huo tena, na-nyoka alikuwa. Sasa nenda Mwanzo 19:26, mke wa Lutu, "akawa nguzo ya chumvi". Huyo kweli alibadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, na Kiebrania chake sio hayeta, ni watehi, kitenzi kile kile lakini kimevaa nguo ya -ka-. Mwandishi wa Mwanzo angetaka kutuambia nchi ilikuwa nzuri halafu ikaharibika, watehi alikuwa nayo mfukoni. Hakuitumia.

Klipu yenu inakosea wapi basi? Nadhani najua, maana nimeshaona wanafunzi wangu wakifanya hivyo hivyo. Mtu anafungua app ya Biblia yenye namba za Strong, zile zinazoonyesha neno la asili, anabofya "ilikuwa", inatokea H1961, anasoma maelezo anakuta kuwa, kutokea, kugeuka kuwa, basi anachagua lile linalompendeza. Shida ni kwamba namba inakupa shina tu, haikupi umbo. "Ilikuwa" ya Mwanzo 1:2 ni H1961, "akawa" ya mke wa Lutu nayo ni H1961. Ni sawa na mgeni afungue kamusi ya Kiswahili akute "-wa", halafu atangaze kwamba alikuwa na akawa ni kitu kimoja. Wewe utamcheka. Basi ndio hivyo.

Lakini niwe mkweli kwako, nisije nikaonekana nakaza kamba upande wangu tu. Hicho kitenzi katika umbo la kawaida kinaweza kubeba maana ya kugeuka, ipo Mwanzo 3:22, "mtu huyu amekuwa kama mmoja wetu", pale kweli mtu amebadilika. Ila pale ni Mungu anaongea, sio msimulizi anaweka mandhari. Kwa hiyo siwezi kusema kamusi inakataza, nasema sentensi yenyewe haiendi huko. Na jingine, mstari wa 2 hautuambii nchi ilikaa hivyo kwa muda gani. Dakika, miaka, mabilioni, haisemi. Anayetaka kuweka muda mrefu hapo sarufi haimzuii, ila akitaka kuweka dunia nyingine na watu wake na hukumu yake, hivyo vyote itabidi avilete na gari lake mwenyewe maana maandiko hayajambebea. Kuna pia wanaosoma mstari wa 1 kama "Mungu alipoanza kuumba", Rashi yule mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 11 alielekea huko, lakini hata ukimfuata yeye, mstari wa 2 unabaki mandhari vile vile.

Fundisho lenyewe sio la juzi. Mapema karne ya 19 huko Skotilandi Thomas Chalmers alilisukuma sana, wakati ule wanajiolojia wanasema miamba ni ya zamani mno na watu wa kanisa wanatafuta pa kuiweka hiyo miaka, basi wakaona kati ya mstari wa 1 na wa 2 panaweza kutosha. Mwaka 1909 ikatoka Biblia ya Scofield yenye maelezo pembeni ya ukurasa, likaingia humo, likasambaa na wamisionari na vyuo vya Biblia mpaka likatufikia. Waliolishika walikuwa watu wacha Mungu, sio matapeli, usiende kumtukana mtu kwenye kikundi.

Na hoja yao yenye nguvu kuliko zote sio hata kitenzi, ni Yeremia 4:23. Pale nabii anaitazama nchi ya Yuda baada ya hukumu anasema ni tohu wabohu, maneno yale yale mawili. Basi wanasema, si unaona, tohu wabohu ni matokeo ya hukumu, kwa hiyo na Mwanzo ni hivyo. Inaingia akilini mpaka usome mistari inayofuata. Anatazama mbingu, hazina nuru. Milima inatetemeka. Anatazama, hakuna mtu, na ndege wote wamekimbia. Shamba zuri limekuwa jangwa, miji imebomoka. Nuru, ardhi, mtu, ndege, mimea... anachofanya Yeremia ni kuirudisha nyuma Mwanzo 1, kama mtu anayezungusha mkanda kinyumenyume, uumbaji unafutwa mpaka tunarudi pale kabla ya nuru. Yeye ndiye anayenukuu Mwanzo, sio Mwanzo inayomnukuu yeye. Chukua mfano wa nyumba. Nyumba ya jirani inaungua yote, unapita kesho yake unasema "jamani pale kimebaki kiwanja tu." Umesema kweli na inauma. Lakini je, kila kiwanja unachokiona kiliwahi kuwa na nyumba iliyoungua? Vingine ni viwanja tu, fundi hajafika. Isaya 34:11 anacheza na picha hiyo hiyo, anasema Edomu itanyoshewa kamba ya tohu na mawe ya bohu, yaani kamba na timazi, vifaa vya fundi wa kujenga, Mungu anavitumia kupima ubomoaji. Fundi yule yule, kazi kinyume.

Ndio maana nilisema "ukiwa" ina kamtego. Kwetu tukisema kijiji kimekuwa ukiwa tunafikiria mahame, watu walikuwepo wakaondoka, mapaa yameanguka, maembe yanaoza chini hakuna wa kuokota. Kiebrania hakina lazima ya hiyo historia. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili akisikia klipu ile tayari neno la Biblia yake limemwandalia njia kidogo bila kujua. (Mi nikiwa mdogo nilikuwa nasoma "nchi ilikuwa ukiwa" nasubiri wamalizie, ukiwa wapi? Ukiwa nani? Nilidhani ukurasa umekosewa.) Ningekuwa natafsiri mimi leo ningeandika kitu kama "nchi ilikuwa haikaliki, haina kitu", sio tamu kama Union, nakubali. Na ukikutana na Muisraeli wa leo au Mfaransa akasema tohu bohu kwa maana ya vurugu na fujo, chumba cha mtoto hakijapangwa, hiyo ni maisha ya neno baada ya maelfu ya miaka, usiirudishe kwa Musa.

Kitu kimoja cha mwisho nakipenda sana na sijasikia klipu yoyote ikikigusa. Ile Roho ya Mungu juu ya maji, ambayo Union inasema "ikatulia", Kiebrania ni merakhefet, ni kitendo cha ndege kupigapiga mbawa juu ya kiota. Katika vitabu vitano vya Musa kitenzi hicho kipo mara 2 tu. Moja ni hapa. Nyingine ni Kumbukumbu la Torati 32:11, tai anayepapatika juu ya makinda yake. Na mstari unaotangulia, ule wa 10, ndio ule wa jangwa tuliosoma mwanzo, wenye tohu. Yaani tohu na mbawa ziko pamoja mara zote mbili: nchi iko tohu na Roho anapapatika juu yake, Israeli yuko kwenye tohu na Mungu kama tai anapapatika juu yake. Sasa jiulize hiyo ni picha ya hakimu aliyesimama juu ya magofu ya aliowaadhibu, au ya mzazi juu ya kiota ambacho makinda bado hayajatoka?

Kuhusu kikundi, kama ni mjadala wa kawaida someni hiyo mistari pamoja, Biblia zote mbili mkononi, Union na Habari Njema, inatosha jioni moja. Kama app yenu ina Strong, tohu ni H8414 na bohu ni H922, bofyeni mwone zinatokea wapi, ila msikimbilie maelezo, fungueni mistari. Lakini kama imefika hatua watu wanaanza kuambiana nani ameokoka na nani hajaokoka kwa sababu ya mstari huu, au yule mhubiri anajenga juu yake mafundisho ya majini na watu wa kabla ya Adamu na kuchangisha watu hela za kufunguliwa, hapo usimalize kwa simu. Mpelekee mchungaji au padri wenu ana kwa ana, na kama kuna chuo cha teolojia karibu tafuta mwalimu anayesoma Kiebrania chenyewe, sio anayesoma namba, ukae naye nusu saa tu. Muombe akufungulie Yona 3:3 na Mwanzo 1:2 na Mwanzo 19:26 zikae mezani pamoja, akuonyeshe kwa kidole hayeta ni ipi na watehi ni ipi. Hata kama hujui herufi moja ya Kiebrania utaziona hazifanani.